Mkataba wa ajira kwa tathmini ya uandishi: pale notisi inapowaangusha wengi

Mpwa wangu anasoma sheria. Wiki chache zilizopita alikuja ofisini kwangu hapa Moshi na rasimu ya kurasa kumi na moja, siku mbili kabla ya kuikabidhi kwa mhadhiri. Ilikuwa imepangwa vizuri, ina vichwa vya habari na herufi nzito, lakini kifungu chake cha majaribio kilikuwa batili kisheria. Tulikaa hadi usiku tukaiandika upya. Naweka hapa njia tuliyopita, kwa sababu kosa lile nimeshaliona hata kwenye mikataba ya waajiri wanaofanya kazi kila siku.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni ya kununua na kusafirisha kahawa, ofisi ipo Moshi, inataka kuajiri mwonjaji wa kahawa. Analipwa kwa mwezi, mkataba hauna ukomo. Mteja anataka majaribio ya miezi sita, anataka "kumwondoa haraka akionekana hafai", na anataka siri za biashara zisitoke nje. Mwonjaji anatoka Mbinga na ataanza kazi tarehe 1 Aprili 2026.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kufungua kompyuta

Unahitaji Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Imefanyiwa marekebisho, kwa hiyo shika toleo la sasa mkononi na unukuu namba zake.

Usianze na mkataba uliopakuliwa mtandaoni au wa ofisi fulani. Kwenye hili sina mjadala. Mkataba wa kuazima unakuja na maamuzi ya mtu mwingine, na msahihishaji huyatambua mara moja, kwa mfano anapokuta mwonjaji wa kahawa amewekewa zamu za usiku za mlinzi.

Hatua ya 2: Maelezo ya kifungu cha 15

Hiki kinataja mambo ambayo mwajiri lazima ampe mfanyakazi kwa maandishi: jina, umri, jinsia, anwani, kazi, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa, mshahara. Hayo unayajua. Nasimama kwenye kimoja tu: mahali alipoajiriwa. Wengi huandika "Moshi" bila kufikiri. Kama kampuni ilimfuata huyu mtu Mbinga, basi aliajiriwa Mbinga, na kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri amgharimie usafiri wa kurudi huko ajira ikikoma. Mteja lazima aambiwe hilo mapema, kwenye barua inayoambatana na rasimu.

Hatua ya 3: Kifungu cha majaribio

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Mpwa wangu aliandika:

"Katika muda wa majaribio, upande wowote unaweza kusitisha mkataba huu kwa notisi ya saa ishirini na nne bila kutoa sababu."

Nilipomuuliza ameitoa wapi, akaniambia, "Mjomba, kifungu cha 35 kinasema aliye chini ya miezi sita hana kinga." Ni kweli kinasema hivyo, ila kwa mipaka. Kifungu cha 35 kinasema masharti ya sehemu ndogo ile hayamhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita. Sehemu ndogo ile ni ya uachishaji usio wa haki, na inaishia kifungu cha 40. Notisi ipo kifungu cha 41, na hicho kimo kwenye sehemu ndogo inayofuata. Kwa hiyo mtu wa miezi mitatu anaweza kukosa haki ya kudai kwamba aliachishwa isivyo haki, na bado akawa na haki yake ya notisi kamili. Nilimpa penseli, nikamwambia apige mstari pale sehemu moja inapoisha na nyingine inapoanza. Alipoona mstari umekaa kati ya 40 na 41 alinyamaza kidogo, halafu akafuta sentensi yake.

Kifungu cha 41 kinasema nini kwa mtu huyu? Notisi ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza, isipungue siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, isipungue siku 28. Saa 24 hazimo. Mnaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, lakini lazima uwe sawa kwa pande zote mbili: huwezi kumwandikia mfanyakazi siku 60 na mwajiri 28. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Maneno "bila kutoa sababu" nayo yakaondoka.

Hapo mteja atauliza, "Sasa namwondoaje haraka?" Jibu ni kwamba mwajiri anaruhusiwa kumlipa mfanyakazi ujira wa kipindi cha notisi badala ya kumtaka afanye kazi. Anaondoka leo, ila na malipo ya siku 28. Hicho ndicho unachoweza kumpa mteja kihalali.

Kitu cha pili ni utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora zinataka majaribio yawe na muda wa kuridhisha, usiozidi miezi 12, na kwamba mwajiri amfuatilie mfanyakazi, akutane naye mara kwa mara, amweleze kasoro, amsikilize, na ampe nafasi ya kujirekebisha. Kuongeza muda kunahitaji kwanza kushauriana naye. Rasimu nyingi zinasema tu "majaribio yatakuwa miezi sita" na kuishia hapo, na mwezi wa sita ukifika hakuna karatasi hata moja inayoonyesha mtu alielezwa nini.

Kwa hiyo chora kalenda. Mimi huichora kwa mkono kwenye karatasi ya A4, kwa sababu penseli inakulazimisha kuhesabu siku. Tulihesabu hivi. Majaribio yanaanza tarehe 1 Aprili na kuisha 30 Septemba 2026. Notisi ya siku 28 inayotakiwa kuisha tarehe 30 Septemba inaanza kuhesabiwa tarehe 3 Septemba, hivyo lazima iwe mkononi mwa mfanyakazi kabla tarehe 2 haijaisha. Uamuzi basi ufanyike wiki ya mwisho ya Agosti. Tathmini ya kwanza tuliiweka mwisho wa Mei na ya pili mwisho wa Julai, ili abaki na karibu mwezi mzima wa kujirekebisha. Angalia pia likizo: notisi haitolewi mtu akiwa likizo chini ya sheria hii, wala siku zake haziendi sambamba na siku za likizo. Mwonjaji akiugua Septemba, kalenda yako inasogea.

Kifungu kikawa hivi:

"5.1 Mfanyakazi atakuwa katika majaribio kuanzia tarehe 1 Aprili 2026 hadi tarehe 30 Septemba 2026. 5.2 Mwajiri atakutana na Mfanyakazi si baadaye ya tarehe 31 Mei na tarehe 31 Julai 2026 kutathmini utendaji wake kwa vigezo vya Jedwali la Kwanza, na atampa nakala ya tathmini hiyo. 5.3 Kasoro ikionekana, Mwajiri atamweleza Mfanyakazi kwa maandishi, atamsikiliza, na kumpa muda wa kuridhisha wa kujirekebisha. Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzake au chama chake. 5.4 Mwajiri atamjulisha Mfanyakazi kwa maandishi uamuzi wake kabla ya tarehe 1 Septemba 2026. 5.5 Usitishaji katika muda wa majaribio utafuata notisi ya kifungu cha 9."

Jedwali la Kwanza ndilo lenye vigezo vya kazi: kuandaa sampuli, kuonja na kujaza fomu ya alama, kutambua kasoro za kahawa. Usiandike "utendaji mzuri". Neno hilo halipimiki, na mtu asiyepimika hawezi kuambiwa ameshindwa.

Je, tarehe 30 Septemba ikipita kimya? Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba kumalizika kwa muda wa majaribio peke yake hakumthibitishi mfanyakazi. Usiuache ukimya huo uwe silaha ya mteja wako. Mtu anayebaki hajui hali yake atakwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mteja atagharimika hata akishinda. Ndiyo maana 5.4 inalazimisha jibu.

Hatua ya 4: Usitishaji

Baada ya Hatua ya 3 hiki ni chepesi. Kifungu cha 9 cha mkataba wetu kinarudia siku 7 na siku 28, kinaruhusu malipo badala ya notisi, na kinasema kwamba aliyekwisha kuthibitishwa ataachishwa kwa sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu zinatokana na mwenendo, uwezo au uelewano wake kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Malipo ya mwisho yaelekeze kwenye kifungu cha 44 cha sheria, pamoja na cheti cha utumishi. Usinakili orodha yote ya makosa ya nidhamu humu. Iweke kwenye kanuni za nidhamu za kampuni.

Hatua ya 5: Usiri

Rasimu ya kwanza ilisema "taarifa zote za kampuni ni siri". Kifungu kipana hivyo hakimsaidii mwajiri, kwa sababu hakuna anayeweza kujua amevunja nini. Bei iliyofikiwa kwenye mnada wa kahawa Moshi imejulikana kwa kila aliyeshiriki, haiwezi kuwa siri. Tukamwuliza "mteja" wetu wa kwenye swali: ni nini hasa mshindani akikipata utaumia? Tukapata vitu vinne: majina ya wanunuzi wa nje na bei walizokubaliana na kampuni, uwiano wa michanganyo ya kahawa, matokeo ya uonjaji kabla ya mnada, na kiwango cha juu ambacho kampuni imepanga kufika mnadani. Hivyo viwili vya mwisho vinapoteza maana mnada ukipita, kwa hiyo havikuhitaji kulindwa miaka miwili baada ya ajira kama vile viwili vya kwanza.

Halafu andika visivyokuwa siri: kilichokwisha kujulikana hadharani, ujuzi wa mfanyakazi mwenyewe, na kile ambacho sheria inamruhusu au kumtaka akiseme. Hiki cha mwisho kinarudi kwenye usitishaji. Kifungu cha 37 kinasema wazi kwamba si sababu ya haki kumwachisha mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au kumtaka aitoe. Bila kulitoa hilo kwenye siri, kifungu chako cha usiri kingempa mwajiri sababu ya kumwachisha ambayo sheria imeikataza.

Ujuzi wake mwenyewe uwe kwenye sentensi yake peke yake. Ulimi wa mwonjaji ni wake. Akiondoka na kwenda kuonja kwa jirani, mkataba unamzuia kutaja mchanganyiko wa kampuni, haumzuii kuonja.

Hatua ya 6: Pitisha kidole

Chapisha. Kila neno lenye herufi kubwa, "Mwajiri", "Taarifa za Siri", "Jedwali la Kwanza", litafute lilipofafanuliwa ndani ya mkataba. Kila "kifungu cha 9" kifungue uone bado ni cha 9. Sisi tulikuta 5.5 inaelekeza kwenye saa za kazi, kwa sababu tulikuwa tumehamisha kifungu kimoja saa nne usiku. Kisha hesabu tarehe upya kwa kalenda ya ukutani.