SOMO: Chati ya mwezi ya joto la friji la chanjo (maswali hapa hapa, sio inboksi)

Kila mwisho wa mwezi naulizwa yale yale, so naweka hapa mara moja. Ni Excel ya 2013 kwenda juu.

Hatua 1. A tarehe, B muda, C joto, D joto lililo nje ya 2 hadi 8, E hatua. Kila usomaji, asubuhi na jioni, na mstari wake, mwezi wa siku 31 una mistari 62, wikendi zimo.

Hatua 2. F jaza 2 yote, G jaza 8 yote.

Hatua 3. D, na hapa ndo wengi wanaharibu. Ukiiambia tu Excel ikupe kila kilicho chini ya 2 au juu ya 8, seli tupu inaihesabu 0, yaani Jumapili ambayo hakuna aliyesoma inakutokea friji limegandisha. Tena ukiandika 4,6 kwa koma kwenye kompyuta inayotaka nukta, inageuka maandishi, na kwa Excel maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba, kwa hiyo unaonekana umevuka 8. Weka hii:

```
=IF(ISNUMBER(C2),IF(OR(C2<2,C2>8),C2,NA()),NA())
```

Halafu pembeni weka `=COUNT(C2:C63)`, ikitoa pungufu ya ulizosoma kuna namba imeandikwa vibaya. Pengo liache pengo, usipike namba.

Hatua 4. Line chart ya C, D, F, G. D toa mstari, bakiza nukta nyekundu.

Hatua 5. Bonyeza nukta nyekundu kwa kitufe cha kulia, Add Data Labels, halafu Format Data Labels, Value From Cells, chagua E. Mfano tarehe 14 jioni 9.6: "Umeme ulikatika, juu ya 8 masaa 3, VVM sawa, DIVO kajulishwa". Sio "imerekebishwa", hiyo haimwambii mtu kitu.

kliniki_mtaa: Mkuu fomula yako mbovu, D yote imejaa #N/A

Mwandishi: Ndo inavyotakiwa. #N/A haichorwi. Rudi hatua ya 3.

dada_wa_rch: Hayo masaa 3 umeyajuaje? Mi nasoma asubuhi na jioni tu.

Mwandishi: Swali zuri dada. Chati haiwezi kukwambia, hayo yanatoka kwenye Fridge-tag 2. Inatunza siku 30, na alamu inalia joto likikaa juu ya 8 masaa 10 mfululizo, au -0.5 na chini yake kwa saa nzima. Ndo maana 9.6 inaweza kuwa nyekundu kwenye chati na alamu isilie, andika vyote viwili. Na usisubiri, siku zikipita inafuta za zamani.

kliniki_mtaa: Nimeona sasa, asante. Na ikilia ya baridi, penta natupa?

dada_wa_rch: Usitupe kwanza, itenge ufanye shake test: chupa ya bechi hiyo hiyo na kiwanda hicho hicho igandishe makusudi, iyeyuke, zitikise pamoja uone ipi mashapo yanashuka haraka. Yako ikishuka sawa na iliyoganda au haraka zaidi, imeharibika. Ila kama chupa yenyewe umeikuta barafu, hakuna cha kutest.

Mwandishi: Na polio ya matone haiharibiki kwa kuganda, msiitupe pamoja.