Ekari 5 au hekta 2? Jinsi ya kulinganisha ukubwa wa mashamba kabla ya kulipa

Ukitafuta shamba la miti maeneo ya Mafinga na vijiji vya Mufindi, utatajiwa eneo kwa vipimo tofauti. Mwenye shamba wa kijijini atakwambia ekari, au "heka" kama wengi tunavyotamka. Hati itaandika hekta. Ukipita Mbeya mjini kuulizia kiwanja, utatajiwa mita za mraba. Bei haziwezi kulinganishwa mpaka yote yawe kwenye kipimo kimoja, na kipimo kinachofaa ni mita za mraba.

Hatua ya 1: Shika namba mbili

Hekta 1 ni mita za mraba 10,000. Ekari 1 ni mita za mraba 4,047. Ukiwa na hekta, zidisha kwa 10,000. Ukiwa na ekari, zidisha kwa 4,047. Ukitaka kurudi, gawanya kwa namba hiyohiyo. Kutokana na hizo mbili utaona kwamba hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo anayechanganya heka na hekta anaweza kulipia zaidi ya mara mbili ya ardhi anayopewa. Ukisikia neno "heka", uliza palepale: ni mita ngapi kwa ngapi?

Jambo jingine linalowaumiza wanunuzi ni nusu. Watu wakizoea kwamba ekari ni 70 kwa 70, hudhani nusu ekari ni 35 kwa 35. Hiyo ni robo. Nusu ekari ni 70 kwa 35, kwa sababu unakata upande mmoja tu. Hekta nayo ni hivyo hivyo: mita 100 kwa 100 ni hekta nzima, mita 50 kwa 50 ni robo hekta.

Hatua ya 2: Pima hatua ya aliyepima

Ile "70 kwa 70" ni hatua za miguu, si mita. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja, yaani sentimita 91. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni yadi za mraba 4,840, kwa hiyo hesabu ya wazee inakaribiana sana na ukweli, mradi hatua iwe ndefu kweli. Ukipima kwa tepu, ekari yenye pande sawa ina mita 63.6 kila upande. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, sawa na ekari 1.21, na muuzaji akikubali kukupimia hivyo, yeye ndiye anayepoteza.

Tatizo huja hatua inapokuwa fupi. Mwombe aliyepima shamba atembee hatua 10 mbele yako kwa mwendo wake wa kawaida, kisha nyoosha tepu toka alipoanza mpaka alipoishia. Mwambie kwa heshima: "Mzee, naomba tupime hatua zako ili nijue hesabu yangu." Sijaona mzee akikasirika kwa hilo. Gawanya urefu uliopata kwa 10, hiyo ndiyo hatua yake.

Hatua ya 3: Linganisha bei kwa mita ya mraba

Tuchukue mashamba mawili ya mfano, yote yakiwa na paini ya umri mmoja. La kwanza linauzwa kama ekari 5, bei shilingi 1,200,000 kwa ekari, jumla 6,000,000. Limepimwa hatua 70 kwa 350. La pili lina hati ya hekta 2, na bei yake yote ni 6,800,000.

Kwa haraka haraka, la kwanza linaonekana rahisi. Hekta 2 ni ekari 4.94, na 6,800,000 ukiigawanya hapo unapata kama 1,376,000 kwa ekari.

Sasa tumepima hatua za mwenye shamba la kwanza, na hatua 10 zimetoa mita 7.5. Hatua moja ni mita 0.75. Hatua 70 ni mita 52.5, na hatua 350 ni mita 262.5. Zidisha: mita za mraba 13,781. Gawanya kwa 4,047 upate ekari 3.4, si 5. Milioni 6 ukiigawanya kwa 13,781 unapata shilingi 435 kwa mita ya mraba. Shamba la pili, 6,800,000 kwa mita 20,000, ni shilingi 340. Lililoonekana ghali ndilo nafuu.

Kabla ya kumwambia mwenye shamba, hakikisha kwa njia nyingine. Miti ikiwa imepandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kila mti unashika mita za mraba 9, kwa hiyo ekari inabeba kama miti 450. Pima mwenyewe nafasi kati ya miti kadhaa, kisha hesabu mistari na miti ya mstari mmoja, ukihesabu pia mashimo ambayo miche yake imekufa. Ukikuta mistari 17 yenye miti 87, ni nafasi 1,479. Zidisha kwa 9 upate mita za mraba 13,311, karibu ekari 3.3. Ekari 5 zingebeba nafasi zipatazo 2,250. Njia hii haifai kwenye shamba lililopandwa bila mistari.

Hatua ya 4: Shamba lililopinda

Mashamba mengi ya vijijini hayana kona za mraba. Wengi hupima pande na kuzidisha urefu kwa upana, na jibu huwa kubwa kuliko ardhi iliyopo. Pima pande zote nne, kisha pima pia toka kona moja hadi kona inayotazamana nayo. Hapo umepata pembetatu mbili. Eneo la kila moja, pande zake zikiwa a, b na c, na s ikiwa nusu ya jumla yake, ni:

```
eneo = √(s × (s − a) × (s − b) × (s − c))
```

Chukua kipande chenye pande 60, 80, 60 na 80. Kuzidisha tu kunatoa 4,800. Kama kona zingekuwa za mraba, kona kwa kona ingekuwa mita 100. Wewe umepima ukapata 80. Kila pembetatu ina pande 60, 80 na 80, s ni 110, eneo ni 2,225. Mbili ni 4,450, yaani ekari 1.1 badala ya 1.19.

Hatua ya 5: Mteremko

Huku kwetu milima haikwepeki, na hati huandika eneo kama linavyoonekana kutoka juu, si kwa kufuata udongo. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za tepu iliyolala chini ni mita 94 tu kwenye ramani. Pima vipande vifupi vya mita 10: aliye juu ashike tepu chini, aliye bondeni ainyanyue mpaka iwe mlalo, kisha adondoshe timazi kuonesha mahali pa kuanzia kipande kinachofuata.

Vipimo hivi ni vya kujadiliana bei. Vya kuingia kwenye hati vinachukuliwa na mpima aliyesajiliwa, na majirani wa mipaka wawepo siku hiyo.