Kabla ya penseli, mpe unga

Walimu wenzangu wa chekechea hapa Lamu, mtoto anayeshika penseli kwa ngumi nzima msimharakishie herufi. Mpeni kwanza unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya mafuta ya kupikia, na maji kidogo kidogo mpaka ukandike bila kunata. Kwa unyevu wetu wa pwani chumvi huvuta maji, na kesho yake mtaukuta umelegea. Ongezeni unga mkavu, mkande tena.

Kuuponda kwa kiganja hakutoshi. Afanye vidonge vya ukubwa wa punje ya mbaazi, akiviviringisha kwa ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati, maana hivyo vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli. Akirudia kutumia kiganja, vidole vimechoka, mpumzisheni. Mwenye mkwaruzo asiuguse, chumvi itamwasha.

Siku nyingine atunge vipande vya mirija kwenye kamba ya kiatu, kazi ileile anayoiona nyumbani asumini zinapotungwa. Mchanga nao uchekecheni, muutandaze kwenye sinia unene wa sentimita 1 tu, naye achore juu yake kwa kidole. Ukizidi, mstari wa kidole hujifukia kabla hajauona.