Namna Mwenyekiti Anavyoweza Kuzuia Fikra za Mkumbo Katika Uamuzi wa Bodi

Mwongozo huu unamhusu mwenyekiti ambaye wajumbe wake wanapatana, wanaheshimiana na wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu. Bodi yenye ugomvi ina matatizo yake, lakini fikra za mkumbo, yaani wajumbe kukubaliana bila kuzipima hoja, si mojawapo, kwa kuwa zinaota mahali ambapo kumpinga mwenzako kunaonekana kuwa ni utovu wa adabu.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga tangu mwanzo hadi mwisho. Bodi ya SACCOS yenye wajumbe tisa imechoka kulipa pango la ofisi. Meneja ameleta pendekezo la kununua kiwanja chenye hati kando ya barabara kuu, upana wa mita 40 na kina cha mita 25, kwa shilingi milioni 260. Mwenye kiwanja ametoa siku kumi na nne na kudai kwamba yupo mnunuzi mwingine. Mwenyekiti amekwishakiona kiwanja hicho na amekipenda.

Kwanza, zijue dalili jinsi zinavyosikika kikaoni

Mwanasaikolojia Mmarekani Irving Janis, aliyeeleza jambo hili kwa kina mwaka 1972, alitaja dalili nane. Kundi hujiona haliwezi kushindwa, huamini kwamba nia yake njema inatosha, huwadharau walio nje, na kwa pamoja hutafuta sababu za kupuuza maonyo. Anayepinga hubanwa waziwazi. Dalili tatu zilizobaki ndizo ningependa mwenyekiti azijue vizuri zaidi, kwa sababu hazipigi kelele: mjumbe kujizuia kusema, kundi kudhani kwamba wote wamekubali kwa kuwa hakuna aliyekataa, na kuwapo kwa watu wanaojiteua kumkinga kiongozi asifikiwe na mawazo yatakayomsumbua.

Janis alizichunguza dalili hizo, pamoja na mifano mingine, katika uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba, ambapo tarehe 17 Aprili 1961 Wakuba waliokuwa uhamishoni, wapatao 1,400, walishushwa pwani kwa msaada wa Marekani na kushindwa ndani ya siku tatu. Mshauri wa Rais Kennedy, Arthur Schlesinger, alikuwa ameandika kumweleza Rais mashaka yake, lakini ndani ya vikao akakaa kimya, jambo alilolijutia baadaye. Kabla ya uvamizi, ndugu wa Rais, Robert Kennedy, alimweleza kando kwamba Rais amekwishaamua na kwamba asiendelee kulisukuma suala hilo. Mtu mmoja alijizuia, mwingine akamlinda kiongozi, na waliobaki wakauchukua ukimya kuwa ni ridhaa.

Katika bodi zetu dalili hizi zina sentensi zake. Ukimsikia mjumbe akisema "naunga mkono mia kwa mia" kabla maswali hayajaanza, au "hilo tulishalimaliza" wakati hakuna kumbukumbu za kikao zinazoonyesha lilimalizwa lini, shtuka. Shtuka zaidi ukigundua kwamba wajumbe wanatoka nje na kuanza kuzungumza kwenye maegesho ya magari yale ambayo hawakuyasema ndani. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kumbukumbu zenyewe: zikionyesha agenda ya mamilioni imepita bila swali hata moja lililoandikwa, huku agenda ya sare za wafanyakazi ikijaza ukurasa mzima, tatizo lipo.

Hatua ya kwanza: funga mdomo wako kabla ya kikao

Mwenyekiti wa mfano wetu tayari anakipenda kiwanja. Akilisema hilo kwa katibu, kwa meneja, au kwa mjumbe anayempa lifti, litawafikia wote tisa kabla ya siku ya kikao, na kila mmoja atakuja akiwa amejiandaa kukubaliana na mkubwa. Kwa hiyo asiliseme popote. Akiulizwa ajibu kwamba anasubiri kusoma kabrasha kama wajumbe wengine.

Kabrasha lenyewe alirudishe kwa meneja iwapo lina pendekezo moja tu. Aagize liwe na njia tatu: kununua kiwanja hiki, kununua kiwanja kingine kilichotajwa kwa bei na mahali, au kuendelea kupanga kwa miaka mitatu zaidi, kila njia ikiwa na gharama zake. Kabrasha lenye njia moja humlazimisha mwenye mashaka ampinge meneja. Likiwa na njia tatu, atatetea mojawapo tu, na hilo ni jepesi zaidi kwa mtu mwenye haya. Liwafikie wajumbe wiki moja kabla ya kikao, kwa sababu mjumbe aliyelipata mlangoni hana la kufanya ila kufuata walio wengi.

Hatua ya pili: waandike kwanza, waseme baadaye

Hii ndiyo hatua ambayo nisingekubali iachwe hata muda ukiwa mfupi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwataka watu walinganishe urefu wa mistari huku wenzao, waliopangwa kwa siri, wakitoa kwa sauti jibu lililo wazi kuwa si sahihi. Takribani theluthi moja ya majibu ilifuata kosa la kundi. Aliyeruhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka mbele ya wenzake alifuata mkumbo mara chache zaidi, na ilitosha kuwapo mwenzake mmoja tu aliyetoa jibu sahihi ili shinikizo lipungue sana. Mwenyekiti hahitaji kufuta aibu ya wajumbe wake. Anahitaji tu kuwawezesha kuandika, na kumfanya mwenye mashaka ajue kwamba hayuko peke yake.

Mara meneja anapomaliza kuwasilisha, kabla ya swali lolote, katibu agawe kadi zisizo na majina. Swali lisiwe "unaafiki au huafiki?", kwa sababu hilo ni kura na litawafanya wajumbe wajifunge mapema. Liwe hivi: "Ni jambo gani, likithibitika, lingekufanya ukatae ununuzi huu?" Swali la namna hii halimtaki mtu awe mpinzani. Linachukulia kwamba kila mtu makini analo jambo la kulihofia, na asiye nalo ndiye atakayejikuta akitafuta la kuandika. Dakika tano zinatosha. Katibu azichanganye kadi na kuzisoma zote kwa sauti, bila kuruka hata ile inayochekesha.

Tuseme kadi nne zinataja bei, mbili zinataja hati, mbili hazina kitu, na moja imeandikwa: "Bikoni za mbele ziko mita ngapi kutoka katikati ya barabara?"

Hatua ya tatu: lilinde swali, si aliyeliuliza

Hapa ndipo vikao vingi huharibika. Mara baada ya kadi hiyo kusomwa, mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote anasema, "Mwenyekiti, kiwanja kina hati ya serikali. Tusianze kutafuta sababu za kuogopa." Wajumbe wanacheka kidogo, na wote wanamgeukia mwenyekiti.

Akicheka nao, swali limekufa. Akimkemea mzee, atakuwa amemvunjia heshima mbele ya wadogo zake, na kikao kitahamia kwenye heshima kikakiacha kiwanja. Jibu linalofaa ni fupi: "Ahsante, Mzee. Hati tunayo, na swali hili haliipingi, linauliza umbali. Meneja, umbali huo ni mita ngapi?" Asitafutwe aliyeandika, wala asiombwe ajitokeze "kufafanua".

Meneja anajibu kwamba hakupima. Sasa mjumbe aliyewahi kufanya kazi za upimaji, aliyekuwa kimya muda wote, anapata mahali pa kusemea, kwa kuwa swali limekwishakuwa la kikao kizima. Anaeleza kwamba nchini Tanzania Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Iwapo kiwanja kilipimwa kabla ya hapo na bikoni zake zikawekwa kwenye mpaka wa zamani, mita 7.5 za mbele ziko ndani ya hifadhi. Kwa upana wa mita 40, hizo ni mita za mraba 300 kati ya 1,000, yaani karibu theluthi ya eneo, tena ile ya mbele ambayo ndiyo iliyowavutia wote.

Mjumbe huyu alikuwa na ujuzi huo tangu aliposoma kabrasha. Angeulizwa tu "kuna mwenye maoni?", kuna uwezekano mkubwa angenyamaza, akidhani kwamba watu wanane hawawezi kuwa wamelisahau jambo la wazi namna hiyo.

Kuhusu mpangilio wa kuzungumza, mwenyekiti aanze na mjumbe mgeni au mwenye umri mdogo, mzee afuate mwishoni, na yeye mwenyewe awe wa mwisho kabisa. Baadhi ya wenyeviti humteua mjumbe mmoja apinge kwa makusudi. Sikatazi, lakini usilitegemee sana: utafiti wa mwanasaikolojia Charlan Nemeth umeonyesha kwamba mpinzani wa kupangwa hachochei fikra za wenzake kama anavyofanya mtu anayepinga kwa kuamini, na nimeona mara nyingi mteule huyo akitimiza wajibu wake, akishukuriwa, kisha hoja zake zikiwekwa kando na wote kwa furaha. Kadi humpata mpinzani wa kweli.

Hatua ya nne: ondoka chumbani, kisha rudi siku nyingine

Katika mgogoro wa makombora ya Kuba, Oktoba 1962, Kennedy hakuhudhuria baadhi ya vikao vya washauri wake ili wajadiliane bila kumtazama usoni. Mwenyekiti wetu anaweza kumwachia makamu wake kikao kwa nusu saa wakati njia tatu zinalinganishwa, na meneja naye atoke. Jambo hili lifanywe kwa kutangazwa, ili lisionekane kuwa ni kususa.

Uamuzi usifanywe siku hiyo. Kikao kiahirishwe kwa siku nne au tano, na ajulikane nani atapima umbali pamoja na mpima ardhi na nani atafanya upekuzi wa hati kwa msajili. Siku kumi na nne za muuzaji zinaruhusu hilo. Na kama "mnunuzi mwingine" atakinunua kabla, bodi itakuwa imekosa kiwanja ambacho haikujua ukubwa wake halisi. Kikao cha pili kianze kwa swali moja: "Nani amebadili mawazo tangu tulipoachana, na kwa nini?" Baada ya hapo ndipo kura ipigwe, kwa siri, na kumbukumbu ziandike hoja ya walio wachache pamoja na azimio.

Utaratibu huu wote unakula muda, na haufai kwa kila agenda. Uhifadhiwe kwa maamuzi makubwa ambayo ni vigumu kuyarudisha nyuma: ardhi, mkopo mkubwa, ajira ya meneja. Pia usitumiwe pale ambapo jambo limekwishaamuliwa na mkutano mkuu au na mamlaka nyingine. Hapo mwenyekiti aseme waziwazi kwamba kikao kimeitwa kupanga utekelezaji, na kadi zibaki kwenye droo ya katibu, kwa kuwa wajumbe walioombwa maoni yasiyoweza kubadili kitu wataziacha tupu mara nyingine watakapogawiwa.