Wakala ulimlipa, ritani hakuwasilisha: jinsi ya kusafisha rekodi yako TRA

Agosti 2024 mdogo wangu alikwenda kuhuisha leseni ya duka letu la pembejeo hapa Uyole, akaambiwa alete kwanza taksi klirensi, cheti cha TRA kwamba mambo yako ya kodi yako sawa. Tukaiomba, ikakataa. Ofisa wa TRA alipofungua TIN ya kampuni tukaona kwamba ritani ya mwisho ya mwaka 2022, yaani fomu ya kuieleza TRA mapato na kodi ya mwaka mzima, haipo, na mwaka 2023 hakuna kitu kabisa. Wakala tuliyekuwa tukimlipa kila robo mwaka alikuwa anatuletea risiti zake za mkono, na sisi tulidhani risiti hizo ndizo ritani.

Naandika mwongozo huu kwa mwenye kampuni ndogo ambaye mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Desemba. Kwa kampuni ya namna hiyo, makadirio ya kodi yanawasilishwa kufikia 31 Machi na kulipwa kwa awamu nne, kisha ritani ya mwisho pamoja na hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye CPA inawasilishwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Wakala wetu alipeleka makadirio ya 2022, tukalipa awamu zote, halafu akaishia hapo. Ndiyo maana hatukushtuka: pesa ilikuwa inaingia TRA kweli. Lakini kulipa ni jambo moja na kuwasilisha ritani ni jambo lingine, na kampuni inaweza kuwa imelipa huku kwenye mfumo ikisomeka kuwa haijawasilisha.

Anza kwa kuichukua akaunti. Kwa watu wengi namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa kwenye Taxpayer Portal ni za wakala, kwa hiyo kila taarifa ya TRA, hata ya deni, inaingia kwake. Nenda ofisi ya TRA ya mkoa wako ukiwa na barua ya kampuni iliyosainiwa na mkurugenzi, kitambulisho cha NIDA na nyaraka za usajili wa kampuni, uombe mawasiliano yabadilishwe na jina la wakala liondolewe kama mwakilishi wako. Usimpigie wakala kumdai nenosiri kabla hujafanya hivyo. Sisi tulimpigia kwanza, akatuahidi "wiki hii namalizia", na wiki tatu zikapotea.

Ukishaingia, omba taarifa ya akaunti yako ya kodi kwa miaka yote tangu TIN ifunguliwe. Chukua daftari, andika kila kipindi na mambo mawili: ritani ipo au haipo, malipo yapo au hayapo. Usiruke miezi ya kodi ya mishahara. Wafanyakazi wetu wawili walikuwa wanalipwa chini ya shilingi 270,000 kwa mwezi, kiwango ambacho hakikatwi kodi, na wakala alisema hakuna haja ya kuwasilisha. Haja ipo. Mwezi usio na kodi unawasilishwa ritani ya sifuri. Usipowasilisha, mwezi huo unabaki wazi kwenye mfumo.

Halafu linganisha na risiti za wakala. Malipo ya TRA yanafanyika kwa kontroo namba kupitia benki au simu. Pesa uliyompa mkononi bila kuona kontroo namba ihesabu kuwa haijalipwa mpaka uikute kwenye taarifa ya akaunti. Sisi tulikuta shilingi 300,000 za namna hiyo hazipo.

Sasa jenga hesabu upya. Kazi hii ndiyo iliyotuchosha kuliko zote. Mahali pa kuanzia ni ripoti za Z, zile za jumla ya mauzo ya siku zinazotoka kwenye mashine ya risiti ya EFD, kwa sababu mauzo hayo TRA wanayo tayari. Ritani ikionyesha mauzo madogo kuliko EFD utarudishwa. Ongeza taarifa za benki, miamala ya simu na ankara za wauzaji wa mbolea na mbegu. Ankara zilizopotea tuliziomba kwa wauzaji wenyewe, na wengi walizitoa. Gharama ambayo hatukuipatia karatasi tuliiacha, hata kama tuliijua ni ya kweli. Mpelekee CPA vitu hivi vikiwa vimepangwa kwa mwezi. Atafanya kazi haraka na atakutoza kidogo.

Wasilisha kuanzia mwaka wa zamani kuja wa karibuni, kwa sababu bakaa na hasara ya mwaka mmoja huingia kwenye hesabu ya unaofuata. Na wasilisha hata kama huna pesa ya kulipa siku hiyo. Adhabu ya kutowasilisha inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo kusubiri upate pesa kunaiongeza.

Mfano wetu wa 2022 ni huu. Faida ilikuwa 4,000,000, kodi ya asilimia 30 ni 1,200,000, tulishalipa 800,000 kwa awamu, ikabaki 400,000. Ritani ilitakiwa 30 Juni 2023, sisi tukaiwasilisha 18 Septemba 2024, yaani miezi 15, maana Septemba isiyoisha nayo inahesabiwa. Sheria inachukua kilicho kikubwa kati ya asilimia 2.5 ya kodi iliyobaki na pointi 15 za sarafu kwa kampuni (mtu binafsi ni pointi 5); pointi ya sarafu ni kipimo cha adhabu ambacho sheria imekipangia thamani yake kwa shilingi. Asilimia 2.5 ya 400,000 ni 10,000 tu kwa mwezi, ndogo kuliko pointi 15, kwa hiyo tulihesabiwa pointi 15 mara miezi 15: pointi 225. Adhabu ikaizidi kodi yenyewe. Juu yake kuna riba ya ile 400,000, nayo inakua kila mwezi.

Kama TRA walishakukadiria wenyewe na kukupa hati ya tathmini, angalia tarehe uliyoipokea. Pingamizi linawasilishwa ndani ya siku 30, na kwa kawaida unatakiwa kulipa kwanza kodi usiyoibishia au theluthi moja ya tathmini, ile iliyo kubwa.

Baada ya ritani zote kuingia, andika barua mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kuomba kulipa kodi kwa awamu, ukitaja kiasi na tarehe unazoweza kuzitimiza. Ya pili ni kwa Kamishna Mkuu kuomba msamaha wa adhabu na riba. Sheria inampa mamlaka hayo panapokuwa na sababu ya msingi, ila kodi yenyewe haimo. "Wakala alinidanganya" peke yake haitoshi, kwa sababu wajibu wa ritani ni wa mlipakodi. Tuliambatanisha mkataba wake, risiti zake, meseji alizoandika "nimeshawasilisha" na tarehe yake, na uthibitisho kwamba ritani zote zilikuwa zimeshaingia kabla ya kuomba. Tulisamehewa sehemu ya adhabu, si yote.

Kuhusu wakala: kama ni mhasibu aliyesajiliwa, peleka malalamiko NBAA, bodi inayosimamia wahasibu. Ile pesa ya kodi aliyoipokea na kutoifikisha ni suala la polisi. Ila peleka nakala na ubaki na risiti halisi, kwa sababu TRA wanaweza kuziomba tena.

Mwezi mmoja baadaye ingia tena kwenye akaunti. Sisi tulikuta awamu moja ya 2022 imeingia kwenye mwaka mwingine, ikabidi tuandike barua ihamishwe ndipo klirensi ikatoka.