Maswali ya kukinga maambukizi: mikono inasafishwa wakati gani, na glavu, gauni na maski zinavuliwaje

Mtihani ukikaribia madogo wa uuguzi wanaokuja wodini kwetu hapa Dar wananiletea swali lilelile, sista mpangilio wa kuvua ni upi, mbona kila notsi zinasema kivyake. Leo nawaelekeza kwa mgonjwa mmoja tu, maana ukikariri orodha bila kujua sababu wakimbadilisha mgonjwa kidogo umeshapotea.

Mgonjwa anahisiwa ana TB ya mapafu, yuko chumba cha peke yake, ana kanula, ana katheta, na anahitaji kuvutwa makohozi kwa mashine. Nesi anatakiwa amwage mkojo, ampe dawa kwenye kanula, amvute makohozi, alafu atoke.

Hatua ya 1: kuvaa, ukiwa nje ya mlango

Safisha mikono kwanza. Alafu gauni, funga shingoni na kiunoni. Ifuate N95, kisha miwani ya kinga, glavu zije mwisho kabisa na zivutwe zifunike mikono ya gauni ili kiwiko cha kiganja kisibaki wazi. Glavu ni za mwisho kwa sababu ndo zitamgusa mgonjwa, ukizivaa mapema utazichafua kwa kamba za gauni na kwa uso wako mwenyewe. N95 usiivae tu ukaondoka, weka viganja viwili juu yake upumue kwa nguvu, ukisikia hewa inakupuliza machoni au mashavuni haijakaa, bana kile kibati cha puani ujaribu tena. Kwa mwenye ndevu haitashika.

Hatua ya 2: ndani, na hapa ndo wengi wanapoangukia

Nesi amemaliza kumwaga mkojo, sasa anataka kugusa kanula. Afanye nini? Jibu la mtego linasema aendelee tu kwa sababu ni mgonjwa yuleyule. Hapana. Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati 5 za kusafisha mikono, na hapa zimekutana mbili kwa mpigo: baada ya kuhatarisha mikono kwa majimaji ya mwili, na kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu. Wadudu waliotulia kwenye mfuko wa mkojo ukiwapeleka kwenye kanula umewaingiza moja kwa moja kwenye damu, kwaiyo hatari haihitaji mgonjwa wa pili. Avue glavu, apake sanitaiza sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke, avae glavu mpya, ndo aguse kanula. Kupaka sanitaiza juu ya glavu ni jibu baya, na mkiulizwa apange kazi vipi, aanze na kanula mkojo uje baadae. Kabla ya kuvuta makohozi anarudia hivohivo.

Wakati mwingine wanaosahau ni ule wa kugusa vitu vya mgonjwa, nesi kashika reli ya kitanda tu mgonjwa hajamgusa, bado anasafisha mikono akiondoka.

Hatua ya 3: kuvua

Jiulize kipi kichafu zaidi, hicho kinatangulia. Glavu. Bana ya kwanza kwa nje pale kwenye kiwiko cha kiganja, ivute igeuke ndani nje, ikunje kwenye mkono wenye glavu, alafu ingiza kidole kitupu CHINI ya glavu iliyobaki uivute kutokea ndani. Safisha mikono. Baada ya hapo notsi zinatofautiana, zingine miwani kisha gauni, zingine gauni linavuliwa pamoja na glavu kwa kulikata kamba, na zote ni sahihi, ila hiyo ya pili inataka gauni la kutupa linalochanika, hizi za kitambaa za kufua hazikatiki. Angalieni majibu yamekupa njia ipi msianze kubishana nayo. Miwani shika mkanda wa nyuma, gauni vuta toka mabegani ukigusa upande wa ndani tu.

N95 inabaki usoni mpaka utoke na mlango ufungwe nyuma yako. Vijidudu vya TB vinaelea hewani, na umetoka kumkoholesha mgonjwa sasa hivi, ukivua maski mle ndani unavuta kila kitu. Kamba ya chini kwanza, alafu ya juu, mbele usiguse, kisha safisha mikono tena. Kama inaonekana imechafuka, maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Vilevile kwa mgonjwa anayeharisha kwa sababu ya *Clostridioides difficile*, sanitaiza haiui mbegu zake.

Na mkiona kwenye swali nesi kagusa mbele ya gauni kwa bahati mbaya katikati ya kuvua, jibu ni asafishe mikono palepale ndo aendelee, asisubiri mpaka amalize.