Shoti ya 135,200: kukagua karatasi ya siku ya sheli usiku bei inapobadilika

Bei kikomo mpya za EWURA huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Sheli inayofunga jioni haina shida. Hapa Uyole malori ya Tunduma yanajaza usiku kucha, na karatasi yetu inaanza saa 1 asubuhi hadi saa 1 asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo karatasi ya Jumanne hiyo ina bei mbili. Nimeshuhudia wahudumu wakikatwa mshahara kwa sababu ya jambo hili, na inaniuma, maana fedha hawakuichukua.

Tuchukue nozo moja ya dizeli. Bei ni za mfano tu: ya zamani 3,100, mpya 3,160.

Hatua ya 1: Soma mita kwenye pampu yenyewe

Soma namba ya jumla, ile isiyorudi sifuri mteja akiondoka. Mita ya kufungua lazima ilingane na mita ya kufunga ya jana, lakini usiinakili kutoka karatasi ya jana. Nenda ukaione. Zikitofautiana, simama hapo kwanza, kwa sababu kuna mafuta yaliyotoka katikati ya zamu mbili na hayana mwenyewe.

Kufungua: 482,615.40
Kufunga: 484,003.90
Zilizopita kwenye nozo: lita 1,388.50

Hatua ya 2: Ondoa lita za kipimo

Asubuhi tulijaza ndoo ya kipimo ya lita 20 kuangalia kama pampu inatoa sawasawa, kisha tukayarudisha mafuta tangini. Mita iliyahesabu, ila hakuna aliyeyalipia. Lita zilizouzwa ni 1,368.50.

Hatua ya 3: Gawa mauzo kwenye saa 6 usiku

Msimamizi na mhudumu wasome mita pamoja kabla bei haijabadilishwa kwenye pampu, na wote wawili wasaini. Usiku ule ilisoma 483,835.40.

Kabla: lita 1,220 zilipita, toa 20 za kipimo, zinabaki 1,200. Mara 3,100 ni 3,720,000.
Baada: lita 168.50 mara 3,160 ni 532,460.
Mauzo: 4,252,460.

Hatua ya 4: Kusanya upande wa fedha

Slipu ya benki 2,895,000. Karatasi za mashine ya risiti zilizonunuliwa kwa taslimu 15,000, risiti ipo. Lipa Namba 742,460, na hii isome kwenye ujumbe wa simu kwa kufuata saa za zamu, usiichukue kwa mdomo. Mkopo wa basi 600,000, hati imesainiwa na dereva. Jumla 4,252,460. Imekaa sawa.

Angalia pia tarehe ya slipu. Fedha ya zamu iliyoisha Jumatano asubuhi hupelekwa benki Jumatano. Slipu ikiwa ya Alhamisi, uliza fedha ililala wapi, maana shoti ya leo huweza kuzibwa kwa mauzo ya kesho.

Hatua ya 5: Haikulingana? Igawanye shoti kabla hujamwita mtu

Karani wetu alichukua lita zote 1,388.50, akazidisha kwa bei mpya, akapata 4,387,660. Karatasi ikaonyesha shoti ya 135,200, na jina la mhudumu likawa limeshaandikwa pembeni.

Anza na kipimo. Lita 20 kwa 3,160 ni 63,200. Iondoe, inabaki 72,000. Sasa gawanya kwa tofauti ya bei, yaani 60: unapata 1,200 kamili, ambazo ndizo lita zilizouzwa kabla ya saa 6. Shoti yote imetoka kwenye kalamu.

Kosa la upande wa pili ni gumu kulinasa. Ukizidisha lita zote 1,368.50 kwa bei ya zamani unapata 4,242,350, na fedha iliyokusanywa inaonekana kuzidi kwa 10,110. Ziada hailalamikiwi na mtu, kwa hiyo ikichukuliwa karatasi bado inalingana. Ndiyo maana ziada naikagua kwa ukali uleule wa shoti.

Kama hesabu hizi mbili hazitoi jibu, rudi kwenye hati za mkopo na Lipa Namba. Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha kumuuliza mhudumu.

Kama mita ya saa 6 haikusomwa

Usikadirie. Mashine ya risiti iliyounganishwa na pampu huandika saa na lita za kila mauzo. Jumlisha lita za nozo hiyo kuanzia 6:01 usiku hadi kufunga, kisha uzitoe kwenye mita ya kufunga: utapata ilikuwa inasoma ngapi. Kama kuna kipimo kilichofanywa baada ya saa 6, kitoe pia.

Hatua ya mwisho: Dipu

Mita haijui kama tangi linavuja. Dipu ya asubuhi ilikuwa lita 11,460 na hakuna mzigo ulioshushwa, kwa hiyo ukitoa 1,368.50 yanapaswa kubaki 10,091.50. Kijiti kilisoma 10,080. Pungufu la lita 11.50 kwa siku moja linaweza kuwa la jicho tu kwenye kijiti. Liandike hata hivyo, kwa sababu likirudi upande uleule siku 4 au 5 mfululizo, siyo jicho tena.